Kabla hujatetea tasnifu, ijue n yako

Wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili hapa Kisumu, nilifanya mazoezi mbele ya msimamizi wangu na wanafunzi wenzangu wanne. Nilikuwa na slaidi 31 na muda wa dakika 20. Dakika ya 11 nilikuwa bado kwenye usuli. Msimamizi alinyamaza mpaka nikafika kwenye grafu ya kwanza ya matokeo, halafu akauliza: "Hiyo 48 umeitoa wapi?" Nilianza kueleza, nikakwama. Tangu siku hiyo, kila mwanafunzi anayeniletea slaidi zake namwanzia hapo hapo.

Utafiti wangu ulilinganisha njia mbili za kukausha omena. Njia ya kwanza ni chanja, yaani waya uliofungwa kwenye fremu ya mbao na kuinuliwa kufika kiunoni. Ya pili ni wavu unaotandazwa chini, kama ilivyozoeleka kwenye fuo nyingi za ziwa letu. Nilifanya kazi hiyo siku 8. Kila asubuhi nilinunua omena wa mashua moja, nikawagawa mafungu mawili, fungu moja juu ya chanja na jingine kwenye wavu. Baada ya saa 6 nilichukua sampuli 6 kutoka kila fungu, nikapima unyevu na mchanga. Ukizidisha siku 8 kwa sampuli 6 unapata vipimo 48 kwa kila njia, na ndivyo nilivyoandika kwenye slaidi: `n = 48`.

Kosa ndilo hilo. Sampuli 6 za chanja moja siku moja ni samaki wa mashua moja, waliopigwa na jua moja na upepo mmoja. Zikifanana, hazikuthibitishii kwamba chanja ni bora. Zinakuonyesha tu kwamba hali ya siku ile ilikuwa moja. Kilichorudiwa kweli ni siku, na siku zilikuwa 8. Ukiiambia programu ya takwimu kwamba una vipimo 48 vinavyojitegemea, itakuamini, na itakupa mistari ya makosa myembamba sana na thamani ya p ndogo kuliko unavyostahili. Mtahini mzoefu anaiona hiyo mistari kabla hujafungua kinywa.

Marekebisho yalichukua jioni moja. Nilitafuta wastani wa sampuli 6 za kila fungu, nikabaki na jozi 8, chanja na wavu za siku ile ile. Kisha nikatoa moja kwenye nyingine nikapata tofauti 8, nikafanya jaribio la t la jozi. Idadi ya sampuli ikiwa sawa katika kila fungu, kama yangu, wastani wa jumla haubadiliki. Kinachobadilika ni ukubwa wa shaka. Mafungu yakiwa na idadi tofauti, tumia modeli inayotambua kwamba sampuli zimekaa ndani ya siku, na umwone mtu wa takwimu mapema.

Baada ya hapo slaidi zenyewe zilijipanga, kwa sababu nilijua nina nini mkononi. Nilibaki na 13. Tatizo lilipata moja tu. Malengo nayo yalipata moja, na hapa nilibadilisha maneno. Mwanzo nilikuwa nimeandika "Kuchunguza ubora wa omena waliokaushwa", sentensi ambayo huwezi kusema lini imetimizwa. Ikawa: "Lengo la 1: kulinganisha unyevu uliobaki kwenye omena baada ya saa 6, chanja dhidi ya wavu." Lengo la 2 likawa hivyo hivyo kwa mchanga. Ukisoma lengo na usijue ni kipimo gani kitalijibu, lirudie. Namba ya lengo niliibandika kwenye kona ya kila slaidi ya matokeo, ili watahini wasilazimike kukumbuka.

Mbinu zilipata slaidi 3, na ile muhimu kuliko zote haikuwa na sentensi hata moja. Nilichora mchoro: siku juu, chini yake visanduku viwili vya chanja na wavu, na chini ya kila kisanduku vitone 6. Kando ya siku niliandika `n = 8`, na kando ya vitone "wastani tu". Mchoro huo ulieleza kwa sekunde thelathini kile nilichoshindwa kukieleza kwa dakika tano. Hatua za maabara, kama vile kukausha sampuli kwenye tanuri kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena, zilitosha mstari mmoja. Atakayetaka zaidi atauliza, na ndiyo maana nyuma ya slaidi ya mwisho niliweka slaidi za akiba zenye majedwali yote.

Kwenye matokeo niliacha nguzo mbili zenye wastani. Badala yake nilichora mistari 8, kila mmoja ukiunganisha chanja na wavu za siku moja. Mtazamaji anaona mistari mingi ikielekea upande mmoja, na anaona pia ule mmoja uliolala karibu bapa. Hiyo ilikuwa siku ya 6, siku ya mawingu. Nilitaka kuificha, msimamizi akakataa. Kichwa cha slaidi kiwe tokeo lenyewe: "Chanja ziliacha unyevu mdogo kuliko wavu katika siku 7 kati ya 8." Ukiandika "Matokeo ya unyevu" juu yake, umewaachia watahini kazi yako.

Sasa mapungufu, mahali ambapo wengi wetu tunaandika kilio. Slaidi yangu ya kwanza ilisema muda mfupi, fedha kidogo, sampuli chache. Hizo ni shida zangu mimi mtafiti. Hazimwambii msomaji aliamini tokeo lipi na kwa kiasi gani. Kila pungufu linahitaji kutaja linagusa tokeo gani na linalisukuma upande gani. Langu la kwanza likawa hivi: "Siku zote 8 zilikuwa Januari na Februari. Tokeo la 1 ni la kiangazi. Halizungumzii mvua za Machi hadi Mei." Linauma kuliandika, maana omena huharibika zaidi wakati wa mvua, lakini ndiyo kweli. La pili lilikuwa zito zaidi: nilipima mara moja tu, baada ya saa 6. Inawezekana wavu ungeifikia chanja kufika jioni. Kwa hiyo nilichopima ni kasi ya kukauka, na mtu akikisoma kama ukavu wa mwisho, namba zangu zitakuza faida ya chanja. Baada ya kuandika hilo nilirudi kwenye slaidi ya hitimisho, nikafuta "chanja hukausha vizuri zaidi", nikaweka "chanja hukausha haraka zaidi wakati wa kiangazi".

Siku yenyewe, chumba kilikuwa na madirisha makubwa bila mapazia na projekta ilififia. Mistari ya kijani ilipotea kabisa. Nyeusi na ya buluu ilionekana. Jaribuni mapema, kwenye chumba kile kile na saa ile ile.

Mtahini wa nje aliuliza swali lake la kwanza: "Siku ya 6 kulitokea nini?" Nilirudi kwenye grafu, nikauonyesha mstari ule bapa, nikamweleza habari ya mawingu, kisha nikaruka hadi slaidi ya mapungufu. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akauliza la pili, ambalo lilihusu mchanga.