Mshale unaelekea kwa anayeshiba: mfano wa Ziwa Victoria

"Kwenye utando wa chakula mshale unatoka kwa dagaa kwenda kwa sangara. Si sangara ndiye anayemfuata dagaa? Mbona umegeuzwa?"

Nafundisha baiolojia Mwanza, na swali hili huja kila mwaka. Mshale hauonyeshi nani anamkimbiza nani. Unaonyesha nishati inakwenda wapi baada ya kuliwa. Dagaa akiliwa, nishati iliyokuwa mwilini mwake inaingia kwa sangara, kwa hiyo ncha inamwelekea sangara. Ukiona mshale, soma "analiwa na", hutapotea.

Chora mnyororo mmoja wa ziwa letu: mwani → zooplanktoni → dagaa → sangara. Zooplanktoni ni wanyama wadogo sana wanaoelea majini. Mwani haupokei mshale kutoka kwa kiumbe yeyote, maana unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hapo ndipo pa kuanzia kusoma. Mchoro ukikuonyesha mishale inayotoka kwa samaki kuingia kwenye mwani, umechorwa kinyume.

Kila hatua, sehemu kubwa ya nishati inapotea kama joto na kwenye kinyesi. Kwa kawaida tunakadiria asilimia 10 tu ndiyo inayofika kwa mlaji. Tuseme mwani una kilojuli 10,000: zooplanktoni watapata 1,000, dagaa 100, sangara 10. Ndiyo maana minyororo ni mifupi. Bakteria wakiozesha samaki aliyekufa, naitrojeni na fosforasi hurudi majini na mwani huzitumia tena, lakini nishati hairudi. Wanafunzi wengi huchora mshale wa nishati kutoka kwa bakteria kurudi kwenye mwani, na hapo ndipo maksi zinapokwenda.

Sasa hesabu mishale. Inayoingia kwa kiumbe ni vyakula vyake, inayotoka ni wanaomla. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakawa chakula chake kikuu. Miaka ya 1980 furu walipungua vibaya sana. Ukiufuta mshale wa furu → sangara, usikimbilie kuandika "sangara watakufa wote". Angalia kwanza mishale mingine inayomwingia: ya dagaa, ya uduvi, na mmoja unaotoka kwake na kumrudia mwenyewe, maana sangara wakubwa hula watoto wa sangara. Ndivyo ilivyotokea kweli. Aliegemea zaidi vyakula hivyo.

Kitu kimoja mchoro wa kawaida haukuambii ni kiasi. Mshale wa uduvi na wa dagaa una unene uleule, hata kama sangara mdogo hula uduvi kwa wingi na mkubwa hula zaidi samaki. Kwa hiyo mtihani ukiuliza nani atapungua zaidi, jibu kwa idadi ya vyakula mbadala vilivyobaki, na utaje mishale uliyoifuata mmoja mmoja.