Chati ya ngazi tano kwenye A4

"Chati ya uongozi wa afisi yetu hapa Chake Chake ina ngazi tano na vyeo virefu. Nikiichapa haisomeki. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, herufi usizipunguze. Geuza mpangilio wa ngazi ya chini tu. A4 iliyolazwa ina upana wa milimita 297. Tuseme ngazi hiyo ina watu 12: wakipangwa ubavu kwa ubavu, kisanduku hakifiki milimita 25, na "Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi na Ugavi" hapo haingii ng'o. Sasa wapange wima chini ya wasimamizi wao wanne, watatu watatu, mstari wa kuunganisha ukishuka kushoto. Unabaki na safu nne, kila moja karibu milimita 60. Cheo kirefu kigawe mistari miwili kabla ya "cha", jina likae chini yake. Ngazi za juu ziache zilivyo.