Kodi ya Duka Ikipandishwa: Jibu Tarehe Kwanza, Kiasi Baadaye

Kodi ya duka langu la ushonaji hapa Mombasa ilikuwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Mwanzoni mwa Novemba mwenye nyumba aliniandikia kwa simu kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba nitalipa 27,000. Wapangaji wengi wakipata ujumbe wa namna hiyo hukimbilia kubishana juu ya kiasi, na mimi ninashauri kinyume chake: shughulikia kwanza tarehe ambayo kodi mpya itaanza, kwa sababu huko ndiko mpangaji wa duka nchini Kenya ana nguvu zaidi, na kila mwezi unaoupata kabla ya nyongeza kuanza ni pesa inayobaki kwako hata kama mtashindwa kukubaliana juu ya kiasi.

Nguvu hiyo inatoka katika Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Ukiwa umepanga duka bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, upangaji wako unalindwa na sheria hiyo. Mwenye nyumba anayetaka kubadilisha masharti, kodi ikiwemo, anatakiwa akupe ilani rasmi iliyoandikwa katika Fomu A, na ilani hiyo haiwezi kuanza kutumika kabla ya miezi 2 kupita tangu ulipoipokea. Ujumbe wa simu, tangazo la mdomo au barua fupi iliyosukumwa chini ya mlango si ilani ya aina hiyo. Wanaopanga nyumba za kuishi wasijipime kwa kipimo hiki, kwa maana sheria ya kudhibiti kodi za makazi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi za mjini zimekwisha kukipita. Wao hurudi kwenye mkataba wao na yale yaliyoandikwa humo.

Sikumtajia mwenye nyumba vifungu vya sheria katika jibu langu la kwanza. Ni mzee ninayemheshimu, na mtu anayeletewa sheria kabla ya salamu hukimbilia kwa wakili wake, mazungumzo yakaisha kabla hayajaanza. Hata hivyo niliitumia sheria kupiga hesabu yangu. Lau angenipa ilani sahihi siku ileile aliyoniandikia, yaani tarehe 4 Novemba, miezi 2 ingeisha tarehe 4 Januari, na kwa kuwa tunalipana mwanzo wa mwezi, kodi mpya ingeanza kwa kawaida tarehe 1 Februari. Kwa hiyo kumwomba aanze Februari hakukuwa kumnyima chochote ambacho angekipata kwa njia ya sheria. Kwangu mimi miezi hiyo miwili ilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu Desemba nanunua vitambaa vya sare za shule kwa pesa taslimu na malipo ya wazazi huja Januari. Kila biashara ina mwezi wake wa namna hiyo, na ni vizuri uutaje waziwazi, kwa kuwa mwenye nyumba huelewa upesi zaidi sababu inayohusu uwezo wako wa kumlipa kuliko malalamiko ya jumla kwamba maisha yamepanda.

Jibu liwe la maandishi, na lipelekwe ndani ya mwezi mmoja. Kwa anayepewa ilani rasmi, mwezi huo ni takwa la sheria: lazima umjulishe mwenye nyumba kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Kwa aliyepata ujumbe tu kama mimi, kujibu mapema kunazuia kimya chako kisije kikachukuliwa kuwa ni ridhaa. Barua yangu, nikiondoa majina, ilisomeka hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Nimepokea ujumbe wako wa tarehe 4 Novemba kuhusu kodi ya duka. Sikubaliani na kodi ya shilingi 27,000 kuanzia tarehe 1 Desemba. Natambua kwamba kodi haijaongezwa kwa muda, na niko tayari kuongeza. Napendekeza shilingi 21,000 kuanzia tarehe 1 Februari, na shilingi 23,000 kuanzia tarehe 1 Februari ya mwaka utakaofuata. Hadi tutakapoafikiana kwa maandishi nitaendelea kulipa shilingi 18,000 kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi kama ilivyo desturi yetu. Naomba tukutane dukani au nyumbani kwako, siku utakayoona inafaa."

Neno "sikubaliani" ndilo wapangaji wengi huliogopa, nao huandika badala yake "nitajitahidi" au "naomba unifikirie". Adabu inaweza kukaa katika salamu na katika ombi la kukutana, lakini sentensi ya msimamo haipaswi kuwa na maana mbili, kwa sababu ndiyo itakayosomwa iwapo jambo litafika mbele ya watu wengine. Sentensi ya kuendelea kulipa kodi ya zamani ina uzito uleule. Ukilipa kodi mpya hata mwezi mmoja tu ili kulinda amani, umempa mwenye nyumba hoja kwamba ulikubali. Na ukiacha kulipa kabisa kwa hasira, unajiweka pabaya zaidi, kwa kuwa kuchelewesha kodi kwa miezi 2 baada ya kustahili kulipwa ni mojawapo ya sababu ambazo sheria inamruhusu mwenye nyumba kuzitumia kukuondoa. Nilipeleka nakala mbili za barua, moja nikaiacha kwake na ya pili akaitia sahihi na tarehe ya kupokea.

Kabla ya kukutana nilizungukia maduka ya mtaa wetu kuulizia kodi. Ni kazi inayohitaji uangalifu, kwa maana jirani aliyekaa miaka mingi analipa kodi ya zamani na hakusaidii kitu, ilhali aliyehamia mwaka huu ndiye anayeonyesha bei ya soko. Linganisha pia mambo yanayolingana: ukubwa, uso wa duka kuelekea barabara, maji, choo na mita ya umeme ya peke yako. Mwenye nyumba wangu alikuwa na mfano mmoja tu wa shilingi 27,000, nao ulikuwa duka la pembeni linalotazama barabara kuu, lenye milango miwili. Maduka mawili ya uchochoroni kama langu yalikuwa yamepangishwa karibuni kwa 21,000 na 22,500.

Kuna jambo la sheria linalofaa kujulikana hapa, kwa sababu linabadilisha mazungumzo yenyewe. Shauri la kodi likifika kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara, baraza huangalia kodi ambayo duka lingepata sokoni, lakini haliingizi katika hesabu hiyo thamani iliyoongezwa na mpangaji mwenyewe, wala jina ambalo biashara yake imejipatia mahali hapo. Vigae vya sakafuni na dari ya mbao niliyoiweka kwa pesa yangu visingeweza kuwa sababu ya mimi kutozwa zaidi. Ndiyo maana risiti za matengenezo na picha za duka lilivyokuwa siku ya kuingia ni mali ya kutunzwa. Mzee aliposema, "Binti yangu, duka lako sasa linapendeza kuliko yote ya hapa," nilimjibu kwa upole, "Mzee, limependeza kwa gharama yangu, na risiti ninazo."

Hoja iliyomgusa zaidi ilikuwa ya hesabu ya kwake. Tofauti kati ya 27,000 alizotaka na 21,000 nilizotoa ni 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka. Duka likikaa tupu miezi 2 akitafuta wa kulipa 27,000, anapoteza 54,000, na juu yake kuna rangi na ujira wa dalali. Likikaa miezi 3 anapoteza 81,000, na mwaka mzima wa kwanza unapita bila faida. Lakini hoja hii haifai kila mahali. Kama maduka ya mtaa wenu hayakai tupu hata wiki mbili, usiitumie, kwa sababu mwenye nyumba anajua kwamba si kweli. Mimi niliitumia kwa kuwa mlango wa pili kutoka kwangu ulikuwa umefungwa tangu Agosti, naye akiuona kila apitapo.

Tulimaliza kwa shilingi 22,000 kuanzia tarehe 1 Februari na 24,000 mwaka unaofuata. Kwa miezi 12 tangu Desemba nilikuwa nilipe 324,000 kwa kiwango alichotaka. Kwa makubaliano yetu ilikuwa 36,000 za miezi miwili ya kodi ya zamani na 220,000 za miezi kumi, jumla 256,000. Katika zile 68,000 nilizookoa, 18,000 zilitokana na tarehe peke yake. Aliomba pia nijazie dipoziti ifikie kodi mpya, jambo ambalo wengi husahau kulizungumzia hadi wanapodaiwa, na tukakubaliana kwamba nitaijazia mwaka wa pili.

Makubaliano hayo tuliyaandika katika ukurasa mmoja wenye viwango, tarehe za kuanza, habari ya dipoziti na sahihi zetu. Angalia sana hapa, kwa sababu baadhi ya wenye nyumba huitumia nafasi hiyo kuleta mkataba mpya wa miaka 5 na miezi 3. Muda huo haukuchaguliwa kwa bahati. Mkataba unaozidi miaka 5, usiokuwa na kifungu cha kuuvunja mapema isipokuwa kwa kukiuka masharti, hutoka nje ya ulinzi wa Sura ya 301, na nyongeza zilizoandikwa ndani yake utazilipa kama zilivyo. Kwa mwenye mtaji uliotulia unaweza kuwa mkataba mzuri, lakini usiutie sahihi kwa kudhani kwamba ni kumbukumbu tu ya kodi mliyokubaliana, na mwonyeshe wakili kwanza.

Mwenye nyumba akikataa kila kitu na kukuletea Fomu A iliyojazwa sawasawa, bado hujafungiwa njia. Mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi kwamba hukubali, kisha peleka shauri lako kwenye baraza kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye ilani. Ukifanya hivyo kwa wakati, ilani inasimama hadi baraza litakapoamua, na wakati wote huo kodi ni ile ya zamani. Ukiichelewesha tarehe hiyo, ilani inaanza kutumika kama ilivyoandikwa, hata kama kiasi chake kinazidi bei ya soko. Lipa kwa M-Pesa au benki, uandike mwezi unaoulipia, na kama mwenye nyumba anakataa kuipokea kodi ya zamani, mjulishe kwa maandishi siku hiyohiyo kwamba uliileta, ili asije akadai baadaye kwamba hukulipa.