Barua kwa mwanangu: saa zako kwenye dampa

"Mama, shikamoo. Nimetuma wasifu wangu wa kazi migodi mitatu na hakuna aliyenipigia. Nimeandika nina saa 12,000 kwenye dampa kwa miaka mitatu, leseni zote, nimevuka malengo ya uzalishaji, na mgodi wetu una miaka miwili bila ajali. Nimekosea wapi?"

Marahaba mwanangu. Nimeusoma mara mbili. Tatizo la kwanza ni zile saa, kwa sababu anayezisoma ofisini anajua hesabu yake.

Rosta yenu ni siku nne za mchana, nne za usiku, nne za mapumziko. Katika kila siku 12 unafanya zamu 8, kwa hiyo mwaka mzima ni zamu kama 243. Toa likizo ya siku 28, ambazo ndani yake zingekuwa zamu 19 hivi. Zinabaki 224. Sasa zamu ya saa 12 haikupi saa 12 kwenye usukani. Kuna kukabidhiana, kuikagua mashine kabla ya kuiwasha, chakula, kujaza dizeli, na kusubiri baruti zilipuliwe. Ukipata saa 9 umefanya kazi. Zidisha: ni saa kama 2,000 kwa mwaka, 6,000 kwa miaka mitatu. Nadhani ile 12,000 umeisoma kwenye mita ya mashine, na mita ile inahesabu maisha ya mashine, pamoja na saa za wenzako wa zamu nyingine. Msomaji haoni kosa la hesabu pale, anaona mtu anayedanganya. Andika: "Cat 777G, takriban saa 6,000, rosta ya 4-4-4, zamu za saa 12, mchana na usiku." Namba hizo zinashuhudiana zenyewe.

Malengo nayo yajibu hesabu hiyo hiyo. Dampa lako linabeba tani 90 na kitu. Kama mzunguko wenu, kupakiwa, kupanda, kumwaga na kurudi, ni dakika 20, kwa saa 9 unapata trip 27, yaani tani 2,430. Ukiandika tani 4,000 kwa zamu kwa mzunguko huo, unajifunga. Tena taja umbali kutoka kwenye kijiko kinachokupakia hadi jaa la mawe, maana trip 27 za kilomita moja si sawa na trip 27 za kilomita tatu. Na usichukue tani za kikosi kizima ukaziita zako. Kijiko kikiharibika, hata opereta bora anakaa. Kilicho chako ni wastani wa trip kwa zamu na uzito wa shehena zako. Mwombe supavaiza ripoti ya miezi mitatu ya mwisho.

"Leseni zote" ifute. Taja leseni ya udereva, daraja lake na tarehe ya kuisha. Halafu vibali vya mgodi, modeli kwa modeli, na tarehe uliyopimwa. Kibali cha mgodini kinakufa unapoondoka getini, na huko uendako utapimwa upya, lakini kinaonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kukaa pembeni yako akakupitisha.

Kuhusu ajali nitakuambia jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Mwaka wangu wa pili kwenye dampa nilirudi nyuma jaani usiku, nikapanda tuta la usalama kwa tairi za nyuma. Tuta lilinizuia, hakuna aliyeumia, bawa la tope likapinda. Nilipoomba kazi kwingine niliandika "bila tukio lolote." Walipiga simu nilikotoka, na kazi ile nikaikosa. Mara iliyofuata niliandika ukweli kwa sentensi mbili: kilichotokea, na kwamba tangu siku ile sirudi nyuma jaani usiku kabla taa au mwongozaji hajanionyesha ukingo. Kwenye usaili waliniuliza hilo kuliko kitu kingine chochote, na wakanichukua.

Kwa hiyo ile miaka miwili ya mgodi ni ya mgodi, wapishi na makarani wamo. Wewe andika ya kwako: zamu zako bila kugonga wala kuharibu mashine, na hatari ulizoziripoti. Lile tairi ulilonisimulia, uliloliona limekatika ubavuni wakati wa ukaguzi ukakataa kuondoka nalo, liko wapi kwenye karatasi hii? Liweke, na mwezi lilipotokea.

Una mapumziko kuanzia Alhamisi. Nipigie picha kurasa za daftari lako la saa, tuzijumlishe pamoja kwa simu kabla hujatuma tena.

Mama yako