Umesema mifuko mingapi? Namna ninavyouliza neno linaponipita

*“Nina miezi mitatu hapa Dar es Salaam na Kiswahili nilijifunzia darasani. Watu wakizungumza haraka maneno yananipita, naona haya kuuliza kila mara, naishia kuitikia ‘ndiyo, ndiyo’. Wenzangu mnaulizaje?”*

Ndugu, lugha ya mama kwangu ni Kirundi, na Kiswahili changu nimekikamilisha katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Hiyo “ndiyo, ndiyo” yako naifahamu vizuri, kwa kuwa mimi iliwahi kunigharimu nauli ya gari.

Asubuhi moja bosi aliniambia, huku mashine ya kukatia nondo ikinguruma, nipeleke mifuko tisini ya saruji kwa fundi aliyekuwa anamwaga zege. Mimi nilisikia sitini. Sikuwa na hakika, kwa hiyo nilimuuliza, “Mifuko sitini, bosi?” Naye, bila kuinua macho, akajibu, “Eeh.” Ilipofika adhuhuri fundi alipiga simu akisema saruji imekwisha na zege limefika nusu. Safari ya pili ya gari niliilipia mwenyewe.

Baadaye nilitambua kwamba kosa langu lilikuwa katika namna ya kuuliza. Sitini na tisini ni silabi zilezile zilizobadilishana nafasi, na sita na tisa zinatofautiana kwa konsonanti zilizobadilishana nafasi tu. Mbili, tatu, nne, tano na nane sisi Warundi hatupati shida nazo, maana kwetu ni kabiri, gatatu, kane, gatanu na umunani; lakini sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, na sikio letu halina pa kuzishikilia. Ukimrudishia mtu namba uliyodhani umeisikia, na yeye tayari anayo yake kichwani, atasikia ile ya kwake na kuitikia.

Tangu siku hiyo nauliza kwa kurudia nilichokidaka, kisha mahali pa neno lililonipita naweka neno la kuulizia: “Samahani bosi, umesema nipeleke mifuko mingapi?” Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu neno la kuulizia hukaa palepale ambapo jibu lingekaa, wala huna haja ya kuipindua sentensi. “Nimpelekee nani?” “Niushushe wapi?” Msemaji anaona kwamba ulikuwa unamsikiliza na umekosa neno moja tu, kwa hiyo anakupa hilo moja na hotuba haianzi upya. Namba nikishaipata naihakiki kwa njia nyingine: “Tisini, yaani mia kasoro kumi?” Hapo hata mtu mwenye haraka hawezi kuitikia kimakosa.

Jambo la pili ni kutofautisha “sijasikia” na “sijaelewa”. Siku moja niliambiwa, “Kapakie kwenye kirikuu.” Nikasema, “Samahani, sijasikia.” Akarudia kwa sauti kubwa zaidi: “Kirikuu!” Nikasema tena sijasikia, naye akapaza sauti hadi wateja wakageuka, na haya niliyokuwa nikiikimbia ikanikuta hapo hapo. Bosi hakuwa na ubaya, kwani ukimwambia mtu hujasikia, atakuongezea sauti. Nilipaswa kusema, “Nimekusikia bosi, ila kirikuu ndiyo nini?” Nilipoliuliza hivyo hatimaye, alinyoosha kidole kwenye kigari kidogo cha mizigo kilichoegeshwa nje, na shughuli ikaendelea.

Kuhusu adabu, epuka “Nini?” peke yake, na “Ati?” iachie watani wako. “Unasemaje?” si tusi, lakini ikitamkwa kwa mkazo husikika kama unatafuta ugomvi, na sisi wageni mara nyingi mkazo hatuutawali. “Samahani”, ikifuatwa na bosi, mama, mzee au kaka, inatosha, hata kwa mtu mzima uliyemwamkia shikamoo muda mfupi uliopita. Tena uliza mara hiyo hiyo. Ukingoja hadi mwisho wa maelezo, maneno matano yatakuwa yamejengwa juu ya lile moja lililokupita, na kweli hapo swali litakuwa zito.

Njia hii haifai kila mahali. Kwenye simu yenye mikwaruzo, au mtu anapozungumza kwa kasi hata hujui sentensi imeanzia wapi, huna cha kurudia. Mimi huuliza mara mbili tu, kisha nasema, “Naomba uniandikie kwa meseji, nisije nikakosea mzigo wako.” Hakuna mteja aliyewahi kuninunia kwa hilo, na yule fundi wa zege siku hizi hutuma namba kwa meseji kabla hata hajapiga simu.