Akiba ya SACCO Haitakulisha Mwezi wa Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayefanya kazi Barabara ya Mombasa aliniandikia. Uvumi wa kupunguza wafanyakazi umeenea kwao, lakini yeye ametulia, kwa kuwa ana hisa nzuri kwenye SACCO. Dadangu, nilisoma ujumbe wako nikashika kichwa.

Pesa hizo ni zako, ila huwezi kuzitoa kama za M-Pesa. Amana za SACCO ni dhamana ya mikopo. Ukitaka kuzichukua lazima ujiuzulu uanachama, utoe notisi, mara nyingi ya siku 60, na umalize mkopo wako. Kama umemdhamini mwenzako, sehemu ya amana hushikiliwa mpaka naye alipe au apate mdhamini mwingine. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, omba taarifa mbili: salio la mkopo wako, na orodha ya watu uliowadhamini. Ukikuta aliyebakisha deni kidogo, mwombe mapema abadilishe mdhamini. Leo ni ombi la kawaida. Ukishaachishwa, litasikika kama ugomvi.

Kuna jambo jingine watu hawalioni. Mkopo wako unakatwa kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, makato yanakoma, na baada ya muda SACCO inawageukia wadhamini. Ni akina nani hao? Ni wenzako wa kazini, walewale utakaowapigia simu ukiuliza kama wamesikia nafasi mahali. Mimi nilipoachishwa (tuliitwa Ijumaa jioni, mlinzi akiwa mlangoni kama kwamba tumeiba, na bado inaniuma) hakuna mdhamini wangu aliyekatwa hata shilingi. Hilo najivunia. Mmoja wao ndiye aliyenipeleka kwa mwajiri wangu wa sasa, na sidhani angefanya hivyo kama ningekuwa nakula mshahara wake.

Nilifanyaje? Nilihesabu mwezi mkavu, yaani mwezi usio na mshahara. Tufanye hesabu ya mtu wa Kasarani: kodi ya nyumba 18,000, chakula 14,000, gesi, stima na maji 4,000, karo ikigawanywa kwa mwezi 6,000, nauli na simu 3,000. Hiyo ni 45,000. Wengi huishia hapo. Ongeza mkopo wa SACCO, tuseme 14,500, ipatikane 59,500. Miezi mitatu ni 178,500, na hiyo ndiyo shabaha. Pesa hizi zikae nje ya SACCO, kwenye mfuko wa soko la fedha unaoweza kuzitoa kwa siku chache. Faida yake hukatwa kodi ya asilimia 15, lakini hapa hutafuti utajiri. Na usiniambie huna cha kuweka ilhali kila Ijumaa uko kwenye nyama choma.

Usitegemee sana malipo ya kuachishwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema anayepunguzwa kazini alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, pamoja na notisi ya mwezi mmoja au malipo yake, na likizo ambazo hakuchukua. Mwenye mshahara wa 85,000 na miaka sita, ukigawa kwa siku 30, anapata 255,000 za miaka hiyo, kabla ya kodi. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini hizo siku 15 hazimhusu ambaye mkataba wake umeisha tu. Tena fomu nyingi za mkopo humruhusu mwajiri kukata deni kwenye malipo hayo ya mwisho. Tafuta nakala ya fomu uliyotia sahihi uisome.

Kuhusu ujuzi, mimi ni mtu wa ununuzi na ghala. Nilikuwa nasoma matangazo ya kazi kama yangu hata nikiwa sina haja nayo, nikaona leseni ya KISM, taasisi ya wataalamu wa ununuzi, inaombwa kila mahali. Nikaishughulikia wakati mshahara ungali unaingia. Fanya hivyo kwa kazi yako: kinachojirudia kwenye matangazo na wewe huna, anza nacho.

Mwisho, barua pepe ya ofisi hufungwa siku hiyohiyo unayoachishwa. Namba za wateja na madereva unaofahamiana nao ziwe kwenye simu yako mwenyewe. Siri za kampuni ziache kwao. Pakua hati zako za mshahara na fomu za P9, maana KRA itakudai ritani ifikapo Juni 30 uwe na kazi au huna. Na siku ukiondoka, dai cheti cha utumishi. Sheria inamlazimu mwajiri akupe, hata kama mmeachana vibaya.