Kikao cha watu wengi Zoom kinapokukatikia, anza na kitufe cha View

Kamati za harusi za ukoo wetu siku hizi hukaa Zoom, maana watu wametawanyika: wengine Tanga, wengine Mwanza, binamu zetu wako Maskati. Kazi ya kufungua kikao nimebebeshwa mimi, kwa hiyo malalamiko yote ya mtandao huishia kwangu. Na ni yale yale kila mara: sauti inakatika hasa pale mwenyekiti anaposoma michango, nyuso zinaganda, mtu anatoka na kurudi. Wengi hudhani dawa ni bando kubwa zaidi. Kwa anayetumia kompyuta, mimi huanza na kitufe cha View kilicho juu upande wa kulia. Mwambie atoke Gallery, yaani mwonekano wa nyuso zote, aende Speaker, mwonekano wa anayeongea.

Sababu yenyewe ni hii. Kamera ya kila mshiriki hutuma picha yake kwenye seva, na seva ndiyo inayoamua wewe upelekewe nini. Hukupelekea picha za wale tu wanaoonekana kwenye skrini yako wakati huo, kila moja kwa ukubwa unaolingana na kidirisha chake. Ukiwa kwenye Gallery yenye watu 25 waliowasha kamera, unapokea video 25 kwa pamoja. Ni ndogo ndogo, ndiyo, lakini zinajumlishana, na sauti nayo inapita njia hiyo hiyo iliyojaa. Kwenye Speaker unapokea picha moja kubwa ya anayeongea na vijidirisha vichache pembeni au juu.

Zoom wenyewe wametoa makadirio. Kupokea Gallery ya watu 25 kunahitaji kama megabiti 2 kwa sekunde, na ya watu 49 megabiti 4. Picha ya msemaji mmoja yenye ubora wa kawaida inahitaji kilobiti 600 hivi. Sauti pekee haifiki hata kilobiti 100.

Chukua mfano wa shangazi yangu, anayetumia kompyuta kwa hotspoti ya simu. Alinipigia kikao kikiwa katikati.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona mnaongea kama mko ndani ya pipa? Na bando nimeweka GB nzima leo hii!”

Nikamuuliza anaona watu wangapi kwenye kioo. “Wote,” akasema, “wamejaa kama picha ya shule.” Basi hesabu ikawa wazi. Megabiti 2 kwa sekunde ni kama MB 900 kwa saa. Ongeza sauti, na hata bila kuhesabu picha anayotuma yeye, GB yake inakata roho kwenye saa moja na dakika chache tu, na vikao vyetu havijawahi kwisha chini ya saa mbili. Nikamwelekeza abonyeze View, achague Speaker, kisha afiche ule mstari wa nyuso ndogo, halafu azime kamera yake. Kwa kilobiti 600, saa moja inakula MB 270 hivi, kwa hiyo saa mbili pamoja na sauti ni kama MB 600. Bando lingetosha na chenji ingebaki. Sauti ilitulia kabla hatujaagana, ingawa alinung’unika kwamba sasa hajui nani kavaa nini.

Kwenye Windows kuna njia ya mkato: Alt+F1 inakupeleka Speaker, Alt+F2 inakurudisha Gallery. Ukiwa huna budi kubaki Gallery, ingia kwenye mipangilio ya video uhakikishe idadi ya watu kwa ukurasa ni 25, si 49.

Sasa kuna mahali ambapo ushauri huu hauleti nafuu, na ni vizuri uyajue kabla hujaanza kuwasumbua wazee kwa maelekezo.

Kwanza, aliyezima kamera hakugharimu kitu cha maana. Kile kidirisha chenye jina lake au picha yake ya wasifu si video. Kikao cha watu 30 ambacho kamera zilizo wazi ni tatu, Gallery yake ni nyepesi tayari, na ukihamia Speaker huenda usione tofauti. Kwenye simu vilevile, skrini ni ndogo na huonyesha watu wachache kwa wakati mmoja, kwa hiyo unachookoa ni kidogo. Faida kubwa iko kwa mwenye kompyuta.

Pili, na hili ndilo linalowapiga chenga wengi, picha ya msemaji inaweza kuwa nzito yenyewe. Ukiipanua ijaze skrini nzima, na msemaji anatuma HD ya 720p, upokeaji wake unafika megabiti 1.8 kwa sekunde. Hapo umerudi karibu kule kule kwa Gallery ya watu 25. Kwa hiyo usijaze skrini. Punguza dirisha la Zoom liwe kama robo ya skrini, nayo seva itakuletea picha ndogo zaidi.

Usikisie, angalia. Fungua Settings, nenda Statistics. Ukurasa wa Overall unaonyesha unatuma na kupokea kiasi gani muda huo huo, na ule wa Video unaonyesha ukubwa wa picha inayoingia. Ukiona 1280x720 kwenye upande wa Receive, punguza dirisha, subiri kidogo, tazama tena. Hapo hapo kuna asilimia ya Packet loss, yaani data inayopotea njiani. Ikiwa upokeaji umeshuka vizuri lakini upotevu huo bado uko juu, tatizo si wingi wa nyuso tena. Sogea karibu na dirisha la nyumba, au hamisha simu yenye hotspoti.

Kingine ni kelele. Speaker humfuata anayesikika, kwa hiyo mtu akikohoa kipaza sauti kikiwa wazi, au jogoo wa Mwanza akiwika, picha inamrukia yeye. Kila ikiruka, kompyuta yako inaanza kupokea picha kubwa ya mtu mwingine, na kwenye mtandao dhaifu huja ikiwa na ukungu au inakwama kwanza. Mimi kama mwenyeji hufunga vipaza sauti vya wote, kisha humwekea mwenyekiti Spotlight ili picha ibaki kwake. Kama mwenyeji wenu halijui hilo, wewe mwenyewe unaweza kumbandika msemaji kwa Pin, ikakaa hivyo kwenye skrini yako tu.

Hali ikizidi kuwa mbaya, iko Stop Incoming Video, ambayo hukata video zote zinazoingia kwako na kukuachia sauti. Lazima iwe imeruhusiwa kwenye mipangilio ya akaunti, ndiyo maana baadhi ya watu huitafuta wasiione.

Na haya yote ni kwa msikilizaji. Speaker inapunguza unachopokea, haigusi unachotuma. Mwenye zamu ya kuongea ana mzigo wake: watu wakishamweka kwenye dirisha kubwa, kamera yake huombwa picha kubwa zaidi, na kutuma video ya ubora wa kawaida kwenye kikao cha wengi kunataka kama megabiti 1 kwa sekunde. Mtandao wa simu aghalabu huwa dhaifu zaidi kwenye kutuma kuliko kupokea. Ndiyo maana mweka hazina wetu, ambaye kwake mnara uko mbali, husalimia na kamera ikiwa wazi ili wazee wamwone, kisha huizima kabla hajaanza kusoma hesabu.